Sanduku la Barua la Pamoja Lisipoonekana Kwenye Outlook

Katika kazi yangu ya kuwahudumia watumiaji wa Microsoft 365, lalamiko ninalolisikia mara kwa mara ni la mtu anayeambiwa kwamba amepewa ruhusa ya sanduku la pamoja, ilhali Outlook yake haionyeshi chochote. Kabla ya kugusa mpangilio wowote kwenye kompyuta, ninamwomba aingie kwenye Outlook ya kivinjari, abofye picha yake ya wasifu, achague Open another mailbox na kuandika anwani ya sanduku hilo. Likikataa kufunguka, tatizo ni la ruhusa, au ruhusa imetolewa muda mfupi uliopita na haijasambaa, jambo linaloweza kuchukua saa nzima. Likifunguka, ruhusa ipo, na kinachokosekana ni Outlook kuliunganisha lenyewe.

Mhasibu mmoja alikuwa katika hali hiyo ya pili. Sanduku la malipo lilifunguka vizuri kwenye kivinjari, lakini Outlook yake, ile ya zamani ya Windows, haikulionyesha hata alipoizima na kuiwasha upya. Msimamizi wa mfumo alikuwa ametoa ruhusa ya Full Access kwa kikundi cha idara ya fedha, naye mhasibu alikuwa mwanachama wa kikundi hicho. Ruhusa ya namna hiyo ni halali kabisa, ila Exchange, mfumo wa barua ulio nyuma ya Outlook, huliunganisha sanduku na Outlook moja kwa moja pale tu ruhusa inapotolewa kwa akaunti ya mtu binafsi. Kwa kikundi haifanyi hivyo, hata mkisubiri wiki nzima.

Msimamizi anaweza kumpa mhusika ruhusa kwa jina lake, kwa amri hii ya PowerShell:

```
Add-MailboxPermission -Identity malipo@example.com -User mhasibu@example.com -AccessRights FullAccess -AutoMapping $true
```

Ikiwa mtu huyo alikwisha kupewa ruhusa binafsi kwa `-AutoMapping $false`, iondolewe kwanza kwa `Remove-MailboxPermission`, ndipo itolewe upya.

Binafsi, pale ambapo watumishi huingia na kutoka idarani kila mara, ninaona ni heri kikundi kibaki na kila mtu aliongeze sanduku kwa mkono, kwa kuwa ruhusa za majina husahaulika mtu anapohama. Katika Outlook ya zamani, fungua File, kisha Account Settings mara mbili, chagua akaunti yako, bofya Change, halafu More Settings, na kwenye kichupo cha Advanced ubofye Add na kuandika anwani. Hakuna nywila ya sanduku inayohitajika. Usifanye hivyo, hata hivyo, kwa sanduku ambalo limekwisha kuunganishwa lenyewe, kwani linaweza kujitokeza mara mbili.

Mhasibu aliliongeza kwa mkono, akasoma barua zote, kisha jibu lake la kwanza likakataliwa. Full Access humruhusu mtu kufungua na kusoma; kutuma kwa anwani ya sanduku huhitaji Send As, ambayo msimamizi huitoa kando.