Barua ya kudai ovataimu na posho ya usiku

"Habari wakuu. Mimi ni nesi hospitali binafsi, naiti tunaingia saa 1:30 usiku hadi 1:30 asubuhi, hatulipwi cha ziada. Naandikaje barua ya madai?"

Dada, yalinikuta hayo hayo. Barua yangu ya kwanza niliandika "nadai takriban laki tisa za ovataimu". Jibu lilikuja mstari mmoja: suala lako linashughulikiwa. Ndio ikaisha.

Ya pili niliiandika kwa kuhesabu usiku mmoja mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 9 kwa siku; zikizidi, kila saa ni mara moja na nusu. Usiku ni kuanzia saa 2:00 hadi saa 12:00 alfajiri, na kila saa hapo ina nyongeza ya asilimia 5. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa 780,000. Gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha kwa 45: ni 4,000 kwa saa. Saa zangu 9 zilikuwa zinaisha saa 10:30 alfajiri, hivyo tatu za mwisho ni ovataimu: 6,000 mara tatu, 18,000. Posho ya usiku ni saa 8 na nusu kwa 200, yaani 1,700, halafu ile saa moja na nusu ya ovataimu kabla ya saa 12:00 inapigwa kwa 300, ni 450. (Hapo wengi wanapunjika, wanapiga zote kwa 200.) Jumla kwa usiku mmoja ni 20,150.

Kwenye barua ikasomeka hivi: "Machi 2023, tarehe 1, 2, 7, 8, 14 na 15, naiti 6 × 20,150 = 120,900." Nikaambatanisha rosta ya metroni na salari slipu. Kitabu cha ripoti nilikitaja kwa tarehe tu, maana kina majina ya wagonjwa, usikipige picha.

Utawala ukaja na hoja mbili. Kwanza, saa ya chakula ikatwe. Nikawajibu kwamba wodi nzima nilikuwa peke yangu, sikuweza kutoka. Mapumziko ambayo lazima ubaki kazini yanalipwa. Pili, eti zamu ya saa 12 haina ovataimu. Inawezekana kweli, ila kwa makubaliano ya maandishi. Nikaomba nakala yenye saini yangu. Haikuwepo. Kwa hiyo kabla ya kuandika, soma mkataba wako vizuri, kipengele hicho kikiwemo hesabu inabadilika.

Machi na Aprili nililipwa. Miezi ya nyuma walikataa, nami nilichelewa: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka mgogoro wa namna hii ufike ndani ya siku 60, vinginevyo uombe kwanza kuongezewa muda kwa sababu ya maana. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mimi masijala walisema muhuri umefungiwa kabatini, nikakaa kwenye benchi hadi saa 9 alasiri ukapatikana.