Kuangaza uwanja kabla ya kupokea mpira: mchezo mmoja wa watatu kwa watatu na namna ninavyouendesha

Kwa misimu kadhaa nilifundisha jambo hili kwa mdomo tu. Kiungo wangu alipopokea mpira akiwa amelipa mgongo goli la wapinzani, akageukia moja kwa moja kwenye miguu ya mkabaji na kunyang'anywa, nilimwambia kwa sauti kubwa kwamba aangalie kabla ya mpira kumfikia. Mtoto aliitikia, na pasi iliyofuata akafanya vilevile. Nilidhani ni usikivu mdogo, mpaka siku nilipomwomba mzazi mmoja arekodi kwa simu, akiwa nyuma ya goli, mechi ya vijana wangu wa miaka 12. Nilipoitazama nyumbani jioni nilihesabu mara 11 ambazo kiungo mmoja alipokea mpira akitokea kwa mabeki wake, na katika hizo ni mara mbili tu aligeuza uso kutazama kilichokuwa nyuma yake. Mara nyingine zote macho yake yalikuwa kwenye mpira tangu ulipokuwa kwa kipa hadi ulipofika mguuni mwake.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba mazoezi yetu yenyewe ndiyo yaliyomfundisha kutazama hivyo. Tulikuwa tukicheza sana mchezo wa duara, ule ambao wachezaji wa nje wanapasiana huku wawili wakiwinda mpira katikati. Ni mchezo mzuri kwa pasi na mguso wa kwanza, lakini mchezaji aliyesimama kwenye duara ana kila kitu mbele ya macho yake: mpira, wawindaji na wenzake. Nyuma yake hakuna mtu. Anaweza kuucheza mwaka mzima bila kuhitaji kugeuza shingo hata mara moja, kwa hiyo haigeuzi.

Profesa Geir Jordet wa Chuo cha Sayansi ya Michezo cha Norway, mjini Oslo, pamoja na wenzake walichunguza picha za karibu za viungo na washambuliaji wa Ligi Kuu ya England, wakahesabu mara ngapi kila mmoja aliuondoa uso wake kwenye mpira ili kutazama uwanja katika sekunde za mwisho kabla ya kupokea. Waliotazama mara nyingi zaidi ndio waliofikisha pasi nyingi zaidi, hasa zile za kwenda mbele, na Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliotazama sana. Kwa mwalimu wa watoto, swali linalofuata ni namna ya kutengeneza mazoezi ambamo mtoto asiyetazama anapoteza kitu na anayetazama anapata kitu, bila mwalimu kufungua kinywa.

Mchezo ninaoutumia zaidi unahitaji watoto wanane. Ninapima eneo la mita 25 kwa urefu na mita 20 kwa upana, nikihesabu hatua zangu ndefu, na kuweka koni nne kwenye pembe. Ndani wanacheza watatu kwa watatu. Kwenye kila mstari mfupi, nje ya eneo, anasimama mchezaji mmoja ambaye hana timu. Yeye humchezea yeyote mwenye mpira, na ana miguso miwili tu. Timu yenye mpira inapata alama moja kila inapoutoa kwa mchezaji wa ncha moja na kuufikisha kwa yule wa ncha ya pili. Ikishafanikiwa inaendelea kuwa na mpira na kurudi kule ulikotoka, kwa hiyo kilichokuwa mbele sasa kiko nyuma, na hakuna anayeweza kuzoea upande mmoja.

Juu ya hayo naongeza kanuni mbili za alama. Mchezaji wa ndani akipokea kutoka ncha moja, akageuka mwenyewe na kuupeleka mpira ncha ya pili bila kuurudisha nyuma, timu yake inapata alama mbili badala ya moja. Lakini akigeuka na kunyang'anywa, wapinzani wanapata mpira pamoja na alama moja. Nilianza na kanuni ya kwanza peke yake, na matokeo yake yalikuwa mabaya, kwa sababu kila mtoto aligeuka kila mara, kipofukipofu, akitafuta alama mbili. Nilipoweka adhabu bila zawadi, kila mtoto aliurudisha mpira kwa aliyempa. Zote mbili zikiwepo, jibu sahihi linategemea mkabaji yuko umbali gani mgongoni, na hilo haliwezi kujulikana bila kutazama.

Hapo ndipo palipo kiini cha mchezo huu, na ndipo nilipokosea kwa muda mrefu. Mtoto hutazama pale tu ambapo jibu hubadilika. Mchezaji wa ncha akisimama katikati ya mstari wake bila kusogea, wa ndani atajua alipo bila kumtafuta. Kwa sababu hiyo nawataka wa ncha watembee muda wote kutoka koni hadi koni. Vivyo hivyo, mkabaji akimng'ang'ania mwenzake mgongoni kila mara, mpokeaji atajifunza kwamba jibu daima ni kurudisha, na shingo yake itatulia tena. Kabla ya kila kipindi nawaita pembeni wanaokaba na kuwaambia kwa sauti ya chini wabadilishe: mara moja wasogee hadi kumgusa mpokeaji, mara nyingine wabaki nyuma hatua tatu au nne. Watoto hulipenda jukumu hilo, nao huona haraka ni nani asiyetazama, wakaanza kumvizia.

Tunacheza vipindi vitano vya dakika nne, na pumziko la dakika moja na nusu kati yake, ambalo pia hutumika kubadilisha wachezaji wa ncha. Nikiwa na watoto 24 natengeneza viwanja vitatu na kusimama pale ninapoviona vyote. Kipindi kimoja kati ya vitano kinachezwa kimya kabisa. Watoto wetu wamekulia kwenye chandimu, ambako kila mtu anapiga kelele za "Leta! Leta!", na mwenye mpira humpa mwenye sauti kubwa kuliko wote. Sauti ikikatwa, masikio hayana tena cha kumwambia nani yuko wapi, na utaona shingo zinaanza kufanya kazi. Nami pia nanyamaza katika kipindi hicho.

Sasa niseme kuhusu wakati wa kutazama, kwa sababu mtoto anaweza kugeuza uso mara nyingi na bado akatazama wakati usiofaa. Wakati mzuri ni pale mpira unaposafiri kati ya wachezaji wengine wawili, kwa kuwa ukiwa njiani hakuna anayeweza kuubadilishia mwelekeo, na kwa kitambo hicho hakuna jipya la kuona kwenye mpira. Mguu wa mwenzako unapokaribia kuupiga, macho yarudi kwake. Katika mchezo wetu, mtoto aliye katikati anapoona mpira unaelekea kwa mchezaji wa ncha, huo ndio wakati wa kutazama mgongoni, si baada ya mchezaji wa ncha kuutuliza na kuinua uso kumpa. Kutazama tena mpira ukiwa tayari njiani kumjia ni ustadi wa juu zaidi, na kwa wa umri huu siulazimishi. Wengi wanaojaribu hupoteza mguso wa kwanza.

Nasimamisha mchezo mara chache, si zaidi ya mara mbili kwa kipindi. Ninapofanya hivyo, kabla pasi haijatoka namwambia anayengoja mpira afumbe macho na kunyoosha mkono kuonyesha mkabaji wake alipo, kisha mchezaji wa ncha ya pili. Akikosea simkemei, anafumbua macho, anaona mwenyewe, na tunaendelea. Kuna walimu wanaomtaka mchezaji wa ncha ainue kizibao chenye rangi na mpokeaji ataje rangi hiyo kabla ya kugusa mpira. Nililijaribu zoezi hilo kwa wiki kadhaa nikaliacha, kwa kuwa watoto wangu walitafuta rangi tu, na walipoulizwa mkabaji yuko wapi hawakujua.

Kosa jingine linalofanana na hilo ni la kusifia vichwa vinavyogeuka. Niliwahi kutangaza kwamba ninahesabu, na ndani ya siku mbili nilikuwa na watoto wanaozungusha vichwa kama feni bila kuona chochote. Dalili ya kuaminika iko kwenye mwili na kwenye mguso wa kwanza. Aliyeona kwamba yuko peke yake hupokea akiwa amesimama kiupande, na kuuacha mpira upite hadi mguu ulio mbali na aliyempa. Aliyeona mkabaji karibu huukinga mpira kwa mwili na kuurudisha kwa mguso mmoja, bila papara. Yule aliyegeuza kichwa tu husimama vilevile katika hali zote mbili, mpira ukisimama chini ya miguu yake, ndipo anaanza kutafuta.

Ukubwa wa uwanja hauna namba moja ya kudumu. Tulipocheza kwenye mita 15 kwa 12, hata watoto hodari walikaza macho kwenye mpira, maana hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Kwenye mita 35 kwa 30 waligeuka bila kutazama na hawakuadhibiwa. Mimi hutazama urefu wa mashambulizi. Mpira ukipotea kila baada ya pasi mbili, naongeza hatua tatu kila upande. Ikiwa karibu kila mpokeaji anageuka salama, naupunguza. Ardhi nayo ina neno lake, na jambo hili vitabu vya ukocha vya Ulaya havinisaidii. Kwenye uwanja wa kokoto na mashimo mpira hurukaruka, na mtoto anayeuangalia mpaka mwisho yuko sahihi kabisa. Natafuta kipande kilicho bapa kuliko vyote, hata kama kiko nyuma ya goli, naupunguza mpira upepo kidogo ili utulie, na kuongeza upana. Kwa watoto wa chini ya miaka tisa sitegemei mengi. Wengi wao bado wanahitaji macho yao yote kuutuliza mpira, na mchezo huu naungoja.

Kiungo yule wa mwanzo aliucheza mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki nane, dakika zisizozidi 30 kila mara, kisha mzazi akarekodi tena. Katika mara tisa alizopokea kutoka kwa mabeki, alitazama kabla mara sita. Hata hivyo, katika zote sita aligeuza uso kupitia bega la kulia, na mara mbili alinyang'anywa na mtu aliyetokea kushoto. Nilirudi kwenye viwanja vyetu nikaona sababu: mimi husimama upande mmoja na mipira yote ya akiba, na karibu kila mchezo ulianza kutoka pembe ileile. Siku hizi naigawa mipira kwenye koni zote nne, na mchezo unaanzia pembe tofauti kila mpira unapotoka.