Kondoo wa Mwisho Hajaona Shimo

"Mama, nimesoma habari ya wale kondoo wa Uturuki waliojirusha gengeni mmoja baada ya mwingine. Kwa nini kondoo hufuatana tu, hata kwenye hatari? Kweli ni wajinga kiasi hicho?"

Mwanangu,

Habari hiyo ninaijua. Ilikuwa mwaka 2005, huko Gevaş, mkoa wa Van. Kundi la kondoo wapatao 1,500, mmoja akaenda gengeni, wengine wakamfuata, wakafa zaidi ya 400. Waliosalia walipona kwa kuwa waliangukia mizoga ya wenzao. Rundo lilipokuwa kubwa ndipo likawa godoro. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, na nadhani unajua ni kwa nini, ingawa hadithi unayoijua ni ile ya mjomba wako.

Ile ya mtaro. Kila tukikutana lazima aisimulie: jinsi kondoo wa babu yenu walivyojitosa mtaroni kama waliolipwa, na yeye akiruka huku na huku anapiga mayowe. Nyinyi mkiwa wadogo mlikuwa mnagaagaa kwa kicheko pale anapoigiza mlio wao. Basi ngoja nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu mjomba wako alikuwa mbele na mimi nilikuwa nyuma, na aliye mbele haoni yote.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tunawarudisha kondoo kama sitini, jua linazama, na njiani kuna kidaraja cha mbao juu ya mtaro mkavu, kina chake kama urefu wa mtu mzima. Walikipita kila siku. Siku ile jua lilikuwa chini mno, na kivuli cha nguzo kilikuwa kimelala katikati ya mbao, cheusi kabisa. Kondoo jike aliyetangulia alifika hapo akasimama. Aliinamisha kichwa, akasogeza masikio mbele, akakanyaga ardhi kwa mguu mmoja.

Leo najua alichokuwa anakifanya. Macho ya kondoo yako pembeni mwa kichwa na mboni zake zimelala, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake hasa. Hilo linamfaa kwa kumwona adui akinyemelea. Lakini kupima kina cha kitu kilicho mbele ya miguu yake ni kazi ngumu kwake. Kivuli cheusi na shimo vinaweza kufanana. Inabidi asimame, ainamishe kichwa, atazame vizuri. Akipewa nafasi anaona kuwa ni kivuli, anapita, na wote nyuma yake wanapita bila hata kukitazama. Mchungaji anayejua kazi, akiona kichwa kimeinama na masikio yameelekezwa mbele, hurudi hatua kadhaa na kunyamaza.

Mimi sikurudi. Nilikuwa na njaa. Nilimchapa fimbo wa mwisho, nikapiga kelele.

Sasa fikiria. Wa mwisho akasukuma aliye mbele yake, huyo akasukuma wa mbele yake, na katika kundi lililobanana hivyo kila mmoja anaona makalio ya mwenzake tu. Nimekuwa nikisema hili maisha yangu yote na mnanicheka: kondoo wa mwisho hajaona shimo. Hata wa kumi hajaliona. Yule wa kwanza, aliyekuwa bado anapima, alikosa pa kusimama, akaruka pembeni mwa daraja. Na wakishaona mmoja wao ameruka, hapo tena hakuna anayepima.

Tulipoteza tisa, na hakuna hata mmoja aliyevunjika mfupa. Wa chini walikosa hewa kwa uzito wa wenzao, basi. Mjomba wako alikuwa na akili ya kuja pembeni na kuziba njia kwa mwili wake, ndiyo maana hawakuisha wote. Mimi nilikuwa bado napiga kelele nyuma, nikidhani nawaita warudi, kumbe kila kelele yangu ilikuwa inawasogeza. Kundi likishaanza, huwezi kulizuia ukiwa nyuma.

Utaniambia kwamba Gevaş hakukuwa na wa kuwachapa; wachungaji walikuwa wamewaacha, wamekwenda kupata kifungua kinywa. Ni kweli, na hapo hoja yangu inachechemea. Tena kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Weka fimbo mlangoni mwa zizi, wa kwanza ataruka. Iondoe baada ya wachache, na wanaofuata wataendelea kuruka fimbo isiyokuwepo. Nimeliona kwa macho yangu. Hakuna anayewasukuma hapo. Hilo nisemeje?

Nasema hivi. Mtoto wa mbuzi akizaliwa hujificha kwanza, mama yake huenda malishoni na kumrudia. Mwanakondoo hana siku za kujificha. Husimama mapema, mara nyingi ndani ya saa moja, na kuanzia hapo kazi yake ni kumfuata mama yake. Anayebaki nyuma analiwa. Na akikua hali haibadiliki sana. Mwaka 2012 watafiti waliwafunga kondoo na mbwa wa kuswaga vifaa vya kuonyesha mahali walipo, wakakuta mbwa anapokaribia kila kondoo hukimbilia katikati ya kundi, akiwaacha wenzake pembeni. Hapo hakuna upofu, kuna hesabu: atakayekamatwa awe mwingine. Kumfuata mwenzako bila kuuliza ni bahati nasibu ambayo karibu kila siku unashinda, na mbwa mwitu wa kweli ni wengi kuliko magenge. Kwa hiyo anayeruka fimbo isiyokuwepo hapotezi kitu. Anayesimama kuuliza ndiye anayeweza kupoteza.

Na wajinga hawakumbuki sura. Watafiti wa Taasisi ya Babraham, Uingereza, walitangaza mwaka 2001 kwamba kondoo wanaweza kukumbuka sura za wenzao hamsini kwa zaidi ya miaka miwili. Ndiyo maana kondoo akitengwa peke yake hupiga kelele, moyo ukimwenda mbio; watu wengine humwekea kioo, naye akiiona sura ya kondoo hutulia. Mimi sura za hamsini siziwezi, wewe unajua ninavyowaita kwa majina ya ndugu zenu.

Lakini tisa walikufa, na hata nikipanga maneno vipi, wangetawanyika kama mbuzi wasingekufa. Mbuzi angerudi nyuma akanipita katikati ya miguu. Kwa hiyo labda… hapana. Nilikuwa karibu kukupa jibu unalolitaka, na sitaki.

Babu yako alimlaumu mjomba wako, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa na ndiye aliyekuwa mbele. Alinyang'anywa kundi msimu mzima. Kuhusu fimbo sikusema. Nadhani ndiyo sababu anaisimulia kama kichekesho. Ameshaamua kwamba walikuwa wapumbavu, na ikiwa ni hivyo basi hakuna mwenye kosa. Mwaka huu akianza tena kuigiza, nitamwomba anipishe nisimulie mimi. Wewe usimtangulie.

Nikimaliza atasema nilichokwisha kukisikia mara mia, kwamba kondoo ni kondoo. Sawa. Ila yule wa kwanza alisimama, mwanangu. Nilimwona kwa juu ya migongo yao, kichwa kimeinama, anatazama zile mbao.

Mama yako