Samadi mbichi ina mwezi wake, na mwezi huo si Novemba

Wiki iliyopita nimepita njia ya Bahi nikakuta kirikuu kimepaki pembeni ya shamba, vijana wawili wanashusha viroba vya kinyesi cha kuku wa mayai. Kilikuwa kibichi kabisa, kwani harufu niliipata kabla sijazima pikipiki. Shamba la jirani yake lilikuwa na vichuguu vya samadi ya ng'ombe vilivyomwagwa kwa mstari tangu Agosti, vimekauka juani hadi vimekuwa vyeupe. Niliwauliza wale vijana mbolea wataitia lini. Wakajibu kwa furaha, "Mvua ya kwanza tu, bosi, shimo kwa shimo." Mmoja wao amemaliza diploma ya kilimo mwaka huu. Nilikaa nao saa nzima, nikarudi nyumbani nikaona niwaandikie na ninyi wengine mnaoanza kazi hii huku kwetu Dodoma, maana kosa hilo nalijua kwa ndani.

1. Swali la mkulima, atie mboji au samadi, lina mwezi ndani yake.

Mvua yetu ni moja. Inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inaishia Aprili, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na katikati yake, mara nyingi Februari, kuna wiki mbili au tatu za jua kali. Mbolea ambayo haijamaliza kuoza siku ya kupanda itamalizia kuoza pembeni ya mzizi, na ikikutana na jua hilo huna maji ya kuipoza. Wenzetu wa Lushoto wakikosea kidogo mvua inawasitiri. Sisi hapana.

2. Kinyesi cha kuku hakikai shimo moja na mbegu.

Huu ulikuwa msimu wangu wa pili katika kazi ya kushauri wakulima, kijiji kimoja cha Chamwino. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mjane, aliyekuwa na ekari moja ya mahindi na zizi la zamani lenye samadi ya ng'ombe na mbuzi iliyokaa miaka mitatu. Nilikwenda, nikaichota, ikapukutika vidoleni kama majivu, haina harufu yoyote. Nikamwambia, "Mama, hii imeshakufa, haina nguvu." Nilisema hivyo mbele ya majirani zake, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Nikamtafutia viroba arobaini vya kinyesi cha kuku wa mayai kwa mfugaji wa mjini. Kilikuwa kimezolewa bandani wiki ile ile. Hela alitoa yeye, ya kuuza mbuzi wawili. Mvua ya kwanza iliponyesha tukapanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Tulitia kiganja kimoja kilichojaa, udongo kidogo wa kupaka tu, mbegu, kisha tukafukia. Jioni ile nilikuwa na raha kubwa moyoni. Viroba viliisha kabla ya mistari miwili ya mwisho, ile ya upande wa boma, naye bila kuniuliza akatia samadi yake ya zizini.

Siku ya sita nilikuta shamba limeota mapengo. Nikasema mbegu mbovu. Siku ya kumi mvua ilikuwa imekata, na yaliyoota yalikuwa yameungua ncha za majani, kahawia, kama yaliyopitiwa na moto. Nikasema ni jua. Niliendelea kutafuta wa kumlaumu mpaka nilipopiga magoti na kung'oa mche mmoja. Mzizi ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, umekatika ncha, hauna hata unywele mmoja. Nilipoinua bonge la udongo wa shimo lile puani, macho yakatoka machozi. Ile ni amonia. Kinyesi cha kuku kina asidi ya yuriki, na kikipata unyevu vijidudu huigeuza amonia kwa siku chache tu. Inaunguza mbegu inayochipua. Juu ya hapo kina chumvi nyingi, na udongo unapokauka chumvi hizo hukolea, zikavuta maji kutoka kwenye mzizi badala ya mzizi kuvuta maji kutoka ardhini. Ndiyo maana mmea unaonekana una kiu hata pale udongo wa chini ukiwa na ubichi.

Kisha nikainua macho. Ile mistari miwili ya upande wa boma ilikuwa ya kijani, imejaa, haina pengo.

Tulirudishia shamba lote lililobaki wiki ya mwisho ya Desemba kwa mbegu ya kukopa. Mahindi yale yalitoa mbelewele wakati mvua ya mwaka ule inaaga mapema. Alivuna gunia mbili. Hakunigombeza. Alinikaribisha ugali kama siku zote, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ile samadi yangu uliyosema imekufa, ilifufuliwa na nani?" Nimeibeba sentensi hiyo mpaka leo.

Samadi ile haikuwa imekufa. Nitrojeni nyingi ilikuwa imeshapotea, kweli, lakini fosforasi ilikuwamo, uozo uliobaki ulikuwa umetulia, na ulishika maji kwenye ule mchanga wake kwa zile siku mvua ilipokata. Kutokuwa na harufu ni dalili kwamba imeiva. Mimi niliisoma kinyume.

3. Mnavyolinganisha virutubisho, msisome asilimia peke yake.

Hapa ndipo vijana wa vyuoni mnateleza. Chukueni tani mbili kavu kwa ekari, makadirio tu. Samadi ya ng'ombe yenye nitrojeni asilimia 1 inakupa kilo 20, lakini msimu wa kwanza mmea unapata kama robo au theluthi, yaani kilo 5 hadi 7. Mboji yenye asilimia hiyo hiyo inatoa kilo 2 hadi 4 tu msimu huo, kwa sababu nitrojeni yake imeshafungwa ndani ya uozo na inaachiliwa polepole misimu inayofuata. Kinyesi cha kuku chenye asilimia 3 kina kilo 60, na zaidi ya nusu inatoka msimu ule ule. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23, na yote iko tayari.

Kwa hiyo mkulima akikuambia ametia mboji na mahindi bado ni manjano, usimwambie mboji ni uongo. Mboji peke yake haikuzii mahindi, inatengeneza udongo, na kwenye huu mchanga wetu mwekundu usioshika maji hiyo ni kazi kubwa. Atahitaji bado mbolea ya kukuzia, hata nusu mfuko, na safari hii urea yake haitazama yote na mvua ya kwanza.

Halafu hakikisheni kwamba mnachopima ni samadi. Zizi la wazi la huku limechanganyika na mchanga uliopigwa kwato miaka yote. Tia samadi robo ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza maji, tikisa, acha dakika kumi. Mchanga unakaa chini, samadi inabaki juu yake. Nimeshaona mchanga ukijaza nusu ya kilichotiwa, na mtu alilipia tripu nzima.

4. Kazi ya samadi mbichi ni ya Juni, ndani ya shimo la mboji.

Mabua ya mtama na uwele peke yake hayaozi vizuri. Yana kaboni nyingi mno kwa nitrojeni kidogo, na ukiyafukia shambani nusu mabichi, vijidudu vinavyoyala vitanyang'anya nitrojeni ya mazao yako. Mahindi yanakuwa manjano wiki ya tatu kuanzia majani ya chini, wakati umetia mbolea. Samadi mbichi nayo ina nitrojeni inayotoroka hewani ukiianika. Viweke pamoja, kila kimoja kimtibu mwenzake.

Mama yule msimu uliofuata alinipa nafasi tena, jambo ambalo sikulistahili. Baada ya kuvuna tulichimba shimo chini ya kivuli, mita moja kwenda chini, upana mita moja na nusu. Huku kwetu lundo la juu ya ardhi linakauka kabla halijapata joto, kwa hiyo chimbeni. Mabua tuliyakatakata yasizidi shibiri, tukalaza tabaka la kama sentimita 20, juu yake samadi mbichi ya sentimita 5, majani mabichi ya kunde, udongo kiganja kiganja, maji, kisha tunarudia. Juu tukafunika nyasi na udongo, na katikati tukachomeka mti mrefu.

Ule mti ndio unaosema. Uchomoe baada ya siku tano: ukiwa wa moto wa kushindwa kuushika na una unyevu, kazi inakwenda. Ukiwa wa moto lakini mkavu na una ukungu mweupe, shimo lina kiu. Ukiwa wa baridi na unanuka yai bovu, umezidisha maji. Unyevu sahihi ukiminya mkononi yanatoka matone mawili matatu tu. Tulitumia maji ya kuoshea vyombo, bila sabuni nyingi, na madebe mawili ya kisimani kila baada ya siku chache.

Geuzeni kila wiki tatu, kilichokuwa pembeni kiende katikati. Watu wanaruka hatua hii kwa uvivu, halafu Januari wananiita kuangalia shamba lililoota migunga. Mbuzi anakula maganda ya mgunga, mbegu inatoka nzima, na gugu la kiduha nalo husafiri hivyo hivyo. Joto la nyuzi 55 na zaidi huua mbegu nyingi, lakini joto hilo liko katikati ya shimo tu.

Septemba mwishoni ile mboji ilikuwa nyeusi, inanuka udongo wa mvua ya kwanza, bua halitambuliki. Tani mbili zilizogawanywa kwenye mashimo karibu 8,900 ya ekari ni gramu 225 kwa shimo, viganja viwili. Tukachanganya na udongo, tukaweka udongo mtupu wa vidole viwili, ndipo mbegu.

5. Ninyi ambao mmeshanunua kinyesi kibichi na sasa ni Oktoba.

Msikimwage shambani. Kirundikeni pamoja na maranda au pumba za mpunga, kiloweshwe, kifunikwe kwa udongo au turubai, kigeuzwe baada ya wiki mbili na tena baada ya mbili. Siku kumi kabla ya kupanda chukua makopo mawili. Moja udongo mtupu, la pili udongo vikombe vitatu na mbolea yako kikombe kimoja. Panda mbegu kumi za mahindi kila kopo, mwagilia sawa, hesabu siku ya saba. Yakiota tisa kwa tisa, peleka shambani. Yakiota tisa kwa matano, mbolea hiyo isubiri: itie mwezi mmoja baada ya mahindi kuota, kwenye kijifereji kilicho umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye shina, siku ambayo udongo umelowa, na uifukie papo hapo.

Wale vijana wa Bahi niliwaacha wanarundika. Yule mwenye diploma alikuwa ameshatafuta makopo.