Badala ya "Mambo bosi" kwenye barua pepe ya kazi

"Nilikuwa namwandikia meneja manunuzi 'Mambo bosi' na kumalizia 'Poa, baadaye'. Sasa nataka rasmi. Nianze na Mheshimiwa?"

Hapana, Mheshimiwa waachie wabunge, mawaziri na majaji. Kwa meneja andika "Ndugu" na jina lake la ukoo. Kwa Tanzania neno hilo linafaa mwanamume na mwanamke, hivyo linakuokoa usipojua jinsia. Ukiijua, Bw. au Bi. ni sawa kabisa.

Kuna aliyekushauri uanze na "Shikamoo"; yuko sahihi kuhusu heshima, ila shikamoo hudai marahaba papo hapo, na mwenzako anaweza kuwa mdogo kwako. Kwenye maandishi "Habari za kazi" inatosha, kisha jambo lenyewe:

Ndugu Mushi,
Habari za kazi.
YAH: ANKARA YA MWEZI MACHI
Naambatisha ankara tajwa kwa ajili ya malipo. Naomba unijulishe ukiipokea.
Natanguliza shukrani.
Wako,
(jina, cheo, simu)

"Wako mtiifu" mimi naiweka kwenye barua ya maombi ya kazi tu. Kwa mteja inakushusha bure. Wengine hawakubaliani nami.

Kama unaandikia Nairobi: huko utakuta KUH, yaani kuhusu, au MINT, yaani mintarafu, mahali pa YAH, na mwisho "Wako mwaminifu". Fuata barua waliyokutumia wao.

Akikujibu "Poa, nimeipata", usirudie kichwa chote. "Asante, Ndugu Mushi" inatosha.