Barghash hakukomesha utumwa mwaka 1873: kuvunja aya nzito bila kuvunja historia

Mwalimu mmoja wa sekondari ameniandikia akilalamika. Aliwaandalia wanafunzi muhtasari wenye sentensi fupi fupi kuhusu biashara ya watumwa Zanzibar, na wote wameelewa vizuri. Shida ni kwamba kwenye mtihani karibu darasa zima limeandika kuwa Sultani Barghash alikomesha utumwa mwaka 1873. Wanafunzi hawakukosea kusoma. Muhtasari ndivyo ulivyosema.

Kosa hili lina chanzo kinachojulikana, na mada hiyo hiyo inatosha kulionyesha. Hii hapa aya niliyoitunga kwa mtindo wa vitabu vyetu vya kiada. Ni sentensi moja yenye maneno zaidi ya 90:

"Kufuatia shinikizo la muda mrefu la Waingereza, lililojidhihirisha katika mikataba ya mwaka 1822 na 1845 ambayo iliwekea mipaka usafirishaji wa watumwa bila kuuzuia ndani ya himaya ya Sultani barani Afrika, Sultani Barghash, baada ya kutishiwa kuzingirwa kwa kisiwa na manowari, alitia saini tarehe 5 Juni 1873 mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko ya hadhara, ingawa utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria hadi amri ya mwaka 1897 iliyotolewa na Sultani Hamoud, ambayo nayo haikuwahusu masuria na ilimtaka mtumwa aombe mwenyewe uhuru wake mahakamani, hali iliyoendelea hadi 1909."

Mwenye haraka huigeuza hivi: "Waingereza walipinga utumwa. Walimshinikiza Sultani Barghash. Mwaka 1873 akatia saini mkataba, akafunga soko, na watumwa wakawa huru." Inasomeka kwa raha, lakini mtumwa aliyekuwa akichuma karafuu Pemba mwaka 1880 angeshangaa kusikia kwamba yeye ni huru.

Anza kwa kalamu, kabla hujaandika sentensi yoyote mpya. Pigia mstari kila kitenzi kinachobeba tukio au hali, kisha mbele ya kila kimoja jibu maswali manne: nani alifanya, alifanya nini hasa, wapi, na lini. Katika aya yetu utapata madai kama kumi hivi. Usishangae ukikuta nafasi tupu, kwa sababu kazi yenyewe iko hapo. Nani alimtishia Sultani? Kitabu kimesema "baada ya kutishiwa", kikamficha mtendaji ndani ya kauli ya kutendwa. Ukiandika sentensi fupi "Sultani alitishiwa", umerithi ule ukimya. Inabidi utafute: aliyembana mwaka ule ni John Kirk, konseli wa Uingereza mjini Zanzibar, baada ya ujumbe wa Bartle Frere kuondoka mikono mitupu miezi michache kabla. Kila unachokiongeza namna hii kihakiki kwanza katika kitabu kingine, maana sasa unayesema ni wewe.

Angalia pia "hali iliyoendelea hadi 1909". Hali ipi? Kutengwa kwa masuria, kuomba uhuru mahakamani, au yote mawili? Sentensi ndefu huweza kujificha nyuma ya neno kama "hali" na msomaji akapita bila kuuliza. Sentensi fupi haina pa kujificha. Lazima uandike ni kitu gani kilichobadilika mwaka 1909, na ukienda kutafuta utakuta kwamba amri ya mwaka huo iliwaingiza masuria, ambao amri ya 1897 ilikuwa imewaacha. Utagundua pia kwamba aya ya kitabu imelegea kidogo iliposema amri ya 1897 "haikuwahusu masuria". Iliwataja. Iliwahesabu kama watu wa nyumbani kwa bwana, sawa na wake zake, na ikamruhusu suria kudai atoke alipokuwa akitendewa ukatili. Mwandishi mzuri wa muhtasari mara nyingi humkamata mwandishi wa kitabu.

Baada ya madai, zungushia duara maneno yanayoweka mpaka wa kila dai. Hapa ni "kwa njia ya bahari", "ya hadhara", "kisheria", "barani Afrika", "hadi". Haya ndiyo ya kwanza kutupwa mtu anapofupisha, kwa kuwa yanaonekana kama mapambo, ilhali ndiyo yanayoshika ukweli. Chukua "kwa njia ya bahari". Mkataba wa 1873 ulilenga majahazi. Wafanyabiashara wakaanza kuwatembeza watumwa kwa miguu kuambaa pwani kuelekea kaskazini, mpaka mwaka 1876 Barghash akalazimika kutoa matangazo mengine mawili, kuzuia misafara ya nchi kavu pwani na ile ya kutoka bara. Ukiwa umeandika tu kwamba "mwaka 1873 biashara ya watumwa ilipigwa marufuku", matangazo ya 1876 yatakuwa kitendawili kwa mwanafunzi: kwa nini kukataza mara ya pili kilichokwisha katazwa?

"Ya hadhara" nayo ni hivyo hivyo. Soko la Mkunazini lilifungwa, na mahali pale Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu. Kufunga soko la wazi, hata hivyo, hakukuzuia watu kuuziana uani.

Kisha kuna vitu vitatu ambavyo aya hii inavitenganisha na muhtasari mbaya unavichanganya: biashara ya watumwa, kumiliki mtumwa, na sheria kumtambua mtu kuwa mali. Mwaka 1873 uligusa cha kwanza, na kwa sehemu tu. Mwaka 1897 uligusa cha tatu. Cha pili kilikwisha polepole, mtu mmoja mmoja, kila mtumwa alipokwenda kudai. Chagua jina moja kwa kila kimoja na ulishikilie hadi mwisho wa aya. Shuleni tulifundishwa kutorudia neno katika insha, ndiyo maana walimu wengi huandika "biashara hiyo" hapa, "utumwa" pale na "unyama huo" mbele kidogo, wakidhani wanapamba. Katika historia urudiaji ni adabu.

Sasa panga madai kwa mfuatano wa miaka na uandike, dai moja kwa sentensi, maneno sita hadi kumi na sita. Hapa Kiswahili kina mtego wake, ile "-ka-" ya masimulizi. "Akatia saini, akafunga soko, wakawa huru" hufanya kila tukio lionekane limezaliwa na lililotangulia. Ni tamu kwa hadithi, lakini kati ya saini ya Barghash na amri ya Hamoud kuna miaka 24 na masultani wengine watatu. Tumia "-li-" kwa kila tukio linalosimama peke yake, uanze sentensi kwa mwaka. "-ka-" iache kwa yale yaliyofuatana kweli.

Matokeo ni haya:

"Uingereza ilimbana Sultani wa Zanzibar kwa miaka mingi kuhusu biashara ya watumwa. Mkataba wa mwaka 1845 ulikataza kupeleka watumwa nje ya milki zake za Afrika. Ndani ya milki hizo biashara iliendelea. Mwaka 1873 konseli wa Uingereza, John Kirk, alimtishia Sultani Barghash: asipokubali mkataba mpya, manowari zitaizingira Unguja. Barghash alitia saini tarehe 5 Juni. Mkataba huo ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Ulifunga pia masoko ya hadhara ya watumwa. Haukuwaachia huru watumwa waliokuwa mashambani na majumbani. Mwaka 1897 Sultani Hamoud alitoa amri kwa Unguja na Pemba. Tangu hapo mahakama hazikukubali tena dai la bwana juu ya mtumwa wake. Lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Masuria waliachwa nje ya utaratibu huo, ila aliyetendewa ukatili aliweza kudai atoke. Waliingizwa mwaka 1909 kwa amri nyingine."

Hesabu: sentensi 13, maneno kama 120. Imekuwa ndefu kuliko aya ya awali, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kurahisisha hakupimwi kwa urefu wa ukurasa. Sentensi ndefu ilikuwa ikibana nafasi kwa kutumia "ambayo", "ingawa" na "bila kuuzuia", na ukivunja viungo hivyo lazima kila kimoja kilipwe kwa sentensi yake. "Ingawa utumwa wenyewe uliendelea" imekuwa sentensi kamili, "Haukuwaachia huru watumwa waliokuwa mashambani na majumbani." Ukiniuliza, hiyo ndiyo sentensi yenye thamani kuliko zote pale, na ndiyo iliyokosekana kwenye muhtasari wa yule mwalimu.

Tazama pia nilivyoongeza "kwa Unguja na Pemba". Kitabu kilisema "amri ya mwaka 1897" tu. Mwanafunzi wa Mombasa au wa Kilwa atadhani inamhusu, kumbe ukanda wa pwani ya Kenya ulisubiri hadi 1907 na Tanganyika hadi 1922. Kila amri ina mahali pake pa kutumika, na sentensi fupi isiyotaja mahali husomeka kana kwamba inasema dunia nzima.

Neno "masuria" nimeliacha lilivyo. Kulibadilisha liwe "wake" ni kusema uongo, na kuliita "wanawake watumwa" tu ni kuwaingiza vijakazi wote. Liweke, kisha chini ya aya ongeza maelezo ya mstari mmoja: suria ni mwanamke mtumwa anayekaa na bwana wake kinyumba bila ndoa.

Kabla ya kudurufu, mpe aya mtu ambaye hajasoma kitabu, umwulize maswali yenye mtego. Mwaka 1880, mtumwa wa shamba la karafuu Pemba alikuwa huru? Mwaka 1874, mtu angeweza kumuuza mtumwa chumbani kwake bila kuvunja mkataba wa Barghash? Mwaka 1898, mtumwa aliyekaa kimya bila kwenda mahakamani alikuwa na cheti cha uhuru? Majibu ni hapana, ndiyo, hapana. Akikosa moja, usimlaumu. Rudi kwenye sentensi iliyompotosha, na karibu kila mara utakuta kuna neno la mpaka limedondoka.

Ikiwa aya ni ya Darasa la Tano na sentensi 13 ni nyingi, toa dai zima badala ya kunyofoa vipande vya kila dai. Mkataba wa 1845 unaweza kuondoka wote, sentensi zake mbili. Jina la Kirk linaweza kuondoka, ikabaki "Waingereza walimtishia Sultani Barghash". Masuria na mwaka 1909 vinaweza kusubiri kidato, mradi usiandike popote kwamba mwaka 1897 watumwa wote walikuwa huru. "Kwa bahari" na "Haukuwaachia huru" vinabaki hata kama aya nzima ni ya sentensi tano.