Dadu ya tatu: majibu kuhusu mapambano ya Risk

Maswali yaliyonifikia safari hii yanahusu jambo moja: katika Risk, mchezo wa mezani wa kutekana nchi kwa askari na dadu, nani ana nafuu pale dadu zinaporushwa, anayeshambulia au anayelinda. Kanuni ninazozifuata ni za kawaida. Mshambuliaji hurusha hadi dadu tatu, na lazima nchi anayotokea iwe na askari angalau mmoja zaidi ya idadi ya dadu anazorusha, kwa sababu mmoja hubaki nyumbani. Mlinzi hurusha moja au mbili. Dadu kubwa ya mmoja hupambanishwa na kubwa ya mwenzake, ya pili kwa ya pili, na namba zikilingana mlinzi ndiye anayeshinda.

Sare zote ni za mlinzi. Sasa inakuwaje watu waseme anayeshambulia ndiye mwenye nafuu?

Wanasema kweli, ila nafuu yenyewe haipo pale wengi wanapoitafuta. Wengi hudhani dadu tatu humsaidia mshambuliaji kupata namba kubwa ya kumaliza kazi. Lakini ukizitazama zile jozi mbili kila moja peke yake, utaona kwamba katika jozi ya kwanza, kubwa kwa kubwa, mshambuliaji mwenye dadu tatu hushinda kama mara 47 tu katika 100. Yaani hushindwa zaidi ya nusu. Sare inamuumiza sana hapo, maana pande zote mbili hupata 5 na 6 mara kwa mara, na namba zikikutana huko juu mlinzi anapona.

Nafuu iko katika jozi ya pili, ambako mshambuliaji hushinda kama mara 61 katika 100. Dadu ya pili ya mlinzi ndiyo ndogo kati ya mbili, na wastani wake ni 2.53 tu. Dadu ya pili ya mshambuliaji ni ya katikati kati ya tatu, na wastani wake ni 3.5. Kule kwenye jozi ya kwanza pengo ni dogo zaidi: 4.96 kwa 4.47.

Chukua mrusho mmoja uuone kwa macho. Mshambuliaji amepata 5, 4 na 2. Mlinzi amepata 5 na 3. Tano kwa tano ni sare, mshambuliaji anapoteza askari mmoja. Nne kwa tatu, mlinzi naye anapoteza mmoja. Ile 2 haikufanya lolote mezani, lakini kuwepo kwa dadu ya tatu ndiko kulikoiwezesha ile 4 kuwa ya katikati badala ya kuwa ndogo kabisa.

Ukihesabu namna zote ambazo dadu tano zinaweza kuanguka, ni 7,776. Katika 2,890 mlinzi anapoteza askari wawili, katika 2,611 kila upande unapoteza mmoja, na katika 2,275 mshambuliaji anapoteza wawili. Kwa mirusho 100 ya namna hii, tarajia mshambuliaji apoteze askari kama 92 na mlinzi kama 108. Nafuu ni hiyo tu, na inategemea dadu tatu zibaki mkononi. Mshambuliaji akishuka hadi dadu mbili dhidi ya mbili, hali inageuka kabisa: mara 45 katika 100 anapoteza wote wawili, na ni mara 23 tu anapowaondoa wawili wa mlinzi.

Nilizidisha asilimia 47 kwa 61 nikapata 29. Lakini kwenye jedwali la mirusho ya dadu tatu kwa mbili mlinzi anapoteza wawili kwa asilimia 37. Nimekosea wapi?

Umezidisha kama vile jozi mbili hazijuani, kumbe zimetoka kwenye mrusho uleule. Mlinzi akipata 2 kuwa ndiyo kubwa yake, dadu yake nyingine haiwezi kuzidi 2. Mlinzi aliyeshindwa juu ana uwezekano mkubwa wa kushindwa na chini pia, na aliyeshinda juu vivyo hivyo. Usione haya kwa kosa hili. Liliwahi kuchapishwa katika makala ya jarida la hisabati mwaka 1997, na likasahihishwa katika jarida hilohilo mwaka 2003.

Kinachonivutia ni kile kosa hili linachokificha. Wastani wa hasara haubadiliki hata ukizidisha vibaya. Bado utapata 92 kwa 108. Kinachobadilika ni ukali wa mrusho. Kwa hesabu yako, karibu nusu ya mirusho ingeishia kila mmoja kupoteza askari mmoja. Ukweli ni kwamba hilo hutokea kama theluthi moja tu ya mirusho, na iliyobaki yote mtu mmoja anabeba hasara ya wawili. Kwa hiyo pambano huyumba kuliko unavyotarajia, na anayeshambulia kwa jeshi dogo ndiye anayeumizwa na kuyumba huko.

Nilikuwa na askari 4, jirani yangu 3. Nilishambulia mpaka nikabaki na mmoja. Ni bahati mbaya au nilikosea?

Kuanza hukukosea sana. Kuendelea ndiko kulikokumaliza.

Kati ya askari wako 4, wanaoweza kupigana ni 3. Watatu dhidi ya watatu, ukiamua kupigana hadi mwisho, unaiteka nchi mara 47 katika 100. Tayari uko chini ya nusu. Sasa angalia mrusho wa kwanza peke yake, kwa sababu ndipo uamuzi wako wa kweli ulipokuwa.

Mara 37 katika 100 unamwondolea wawili. Unabaki na 4, yeye ana mmoja, na kutoka hapo unashinda kwa asilimia 92. Endelea bila wasiwasi.

Mara 34 kila mmoja anapoteza mmoja. Una 3, yeye ana 2. Unaoweza kuwatuma ni wawili tu, dadu ya tatu imekwenda, na uwezekano wa kuiteka nchi umeshuka hadi asilimia 36. Hapa mimi huacha, isipokuwa kama nchi hiyo inamkamilishia mtu bara zima na zamu yake inafuata.

Mara 29 unapoteza wawili. Umebaki na 2, mmoja wa kupigana, dhidi ya walinzi watatu. Uwezekano haufiki asilimia 3. Nimeona watu wakirusha dadu hiyo moja kwa hasira, na kuondoka na askari mmoja mbele ya jirani mwenye watatu ambaye zamu yake imefika.

Dalili ya kuitazama ni rahisi: hesabu dadu zako kabla ya kuhesabu askari wake. Ukiona unalazimika kurusha mbili na yeye bado anarusha mbili, nafuu imehamia kwake. Majeshi yakiwa makubwa tatizo hili huchelewa kuja. Watano wa kupigana dhidi ya watano ni karibu nusu kwa nusu, lakini kumi dhidi ya kumi mshambuliaji hufika kama asilimia 57, kwa sababu sehemu kubwa ya pambano hupiganwa akiwa na dadu zote tatu.

Nikilinda na askari wawili, si bora nirushe dadu moja ili nikishindwa nipoteze mmoja tu?

Hapana, kama unachagua kabla ya kuona dadu za mshambuliaji. Unapunguza hasara ya mrusho mmoja, lakini unamrahisishia kazi yote. Ukirusha moja dhidi ya tatu zake, anakushinda kwa asilimia 66, na akikosa anapoteza mmoja tu badala ya kuwa katika hatari ya kupoteza wawili.

Tuseme ana askari 4, wewe una 2, na hataacha mpaka mwisho. Ukirusha dadu mbili kila unapoweza, anaiteka nchi yako mara 66 katika 100. Ukirusha moja moja, anaiteka mara 78. Umempa zawadi ya asilimia 12 ukidhani unajihifadhi.

Mkiwa mnacheza kwa kanuni ya nyumbani inayomruhusu mlinzi kuchagua baada ya kuona dadu za mwenzake, hapo ni hesabu nyingine. Akipata 6, 6 na 5, kurusha moja ni busara.

Mpinzani ameacha nchi tano mfululizo, kila moja ina askari mmoja. Nina 8. Nipite nazo zote?

Swali zuri kuliko yote, na hapa ndipo wachezaji wengi hudanganyika, kwa sababu askari mmoja mmoja wanaonekana dhaifu.

Kila nchi ya askari mmoja itakugharimu wastani wa nusu askari hivi katika mapigano, maana unashinda theluthi mbili za mirusho. Hiyo ni rahisi. Gharama ya kweli ni yule unayemwacha nyuma kila unaposonga. Ukijumlisha, kila nchi inakula kama askari mmoja na nusu. Nchi tano ni zaidi ya saba na nusu, na mwisho wa safari lazima abaki mtu wa kukalia nchi ya tano.

Hesabu kwa namna nyingine. Ukifika mwisho utakuwa na nchi sita, ile uliyotokea na tano mpya, na kila moja inahitaji askari mmoja. Kati ya 8 wako, unaoweza kuwapoteza ni wawili tu katika safari nzima. Tena ukiwapoteza mapema, nchi za mwisho utazishambulia kwa dadu mbili au moja. Nimeifuatilia hesabu hii nchi kwa nchi, nikibadilisha idadi ya dadu kila jeshi linapopungua, na jibu ni asilimia 45.

Linganisha na hali ambayo walinzi haohao watano wamekaa pamoja katika nchi moja. Askari wako 8 wangeiteka kwa asilimia 74. Kuwatawanya, ambako wengi hukuona kuwa ni uzembe wa mpinzani, kumekupunguzia karibu asilimia 30 kwa sababu tu ya wale unaolazimika kuwaacha njiani.

Kwa hiyo kwa 8, chukua tatu au nne kisha usimame, hasa kama ya nne inakupa mpaka mwembamba wa kulinda. Kwa askari 9 uwezekano wa kuzimaliza zote tano unapanda hadi 64, na kwa 10 unafika 78. Mimi nasubiri niwe na 10.